Noti Mpya za Mzee Onchiri

Edinah alikuwa hajui kukataa noti iliyochanika. Hili lilisemwa na kila aliyesimama kwenye mazishi yake, na lilisemwa kwa kicheko kidogo kilichochanganyika na machozi, maana wengi wa waliosema walikuwa wamewahi kumletea noti hizo. Duka lake pale Birongo lilitazama barabara, kati ya mashine ya kusaga na fundi wa viatu. Mtu akikataliwa noti yake kwa mwenye nyama na kwa mwenye mafuta ya taa, alijua pa kuipeleka.

"Mama Linda, hii imetafunwa na panya."

"Panya wako wana hela kunishinda. Lete nione."

Aliitandaza juu ya kaunta, akaunganisha vipande kwa vidole, akalinganisha namba za pande zote mbili. Zikiwa ni zile zile, na sehemu kubwa ya noti ikiwepo, aliichukua na kumpimia sukari. Zilizochanika aliziweka katika kopo la majani chai, na siku ya kwenda benki alizipeleka pamoja na nyingine. Keshia alizichukua, zile mbaya zaidi akisema zitafika Benki Kuu, ambao ndio waamuzi wa mwisho. "Noti ni kama mtu," Edinah alizoea kusema. "Kuzeeka si dhambi."

Ila kwa noti isiyo ya kweli hakuwa na huruma. Ukimpa elfu moja aliipapasa kwanza, kwa sababu maandishi ya noti ya kweli yameinuka kidogo na kidole huyasikia. Kisha aliinua mkono kuelekea mlangoni, kwenye mwanga, atafute kichwa cha simba kilichofichwa ndani ya karatasi. Mwisho aliiinamisha huku na huku ili uzi wake ubadilike rangi. Alifanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa mchungaji, huku akiuliza habari za nyumbani, na hakuna aliyekasirika.

Mtu mmoja tu hakumfanyia hivyo. Mtu huyo alikuwa Mzee Onchiri, baba mkwe wake.

Wenye kuzaliwa Kisii na Nyamira hawahitaji kuelezwa, lakini mgeni aelezwe: kati ya mkwe na mkwe kuna heshima inayoitwa chinsoni. Mke wa mwana haingii nyumba anayolala baba mkwe wake. Hali naye meza moja. Hamwambii neno la aibu, na jambo zito likitokea hutafutwa mtu wa katikati alipeleke. Edinah aliishi boma moja na Mzee Onchiri tangu alipoolewa na Haron, na ingawa alimpikia, alimfulia, na alimuuguza mama mkwe mpaka Mungu akamchukua, hakuwahi kumtazama mzee yule machoni kwa muda wa kumaliza sentensi. Mzee naye vivyo hivyo. Akitaka chumvi dukani, alisimama nje na kuuliza hewa kama chumvi ipo.

Walipendana hivyo, kwa kutotazamana.

Mwaka ule Linda, binti mkubwa wa Edinah, alipata nafasi ya kusomea uuguzi chuoni. Haron alikuwa dereva wa lori Nakuru, na mshahara wake ulifika nyumbani umechoka. Mzee Onchiri akasema, akiuambia mti wa parachichi huku Edinah akianika nguo karibu, kwamba yule ng'ombe mweusi amezeeka katika kuzaa, na kwamba mtu akimuuza, nusu ya hela ingelipa karo na nusu ingenunua mtamba wa Machogu, jirani wa ng'ambo ya mto.

Mnunuzi alikuja Ijumaa, jua likiwa limeshaegemea vilima. Alikuwa mtu mchangamfu mwenye pikapu, asiyejulikana pale. Mzee Onchiri ni Msabato wa zamani, na kwake Sabato inaanza jua linapozama, si dakika moja baadaye. Mnunuzi alivutana naye bei polepole, akamzunguka ng'ombe, akamfungua mdomo, akaomba maji ya kunywa, akayanywa kama mtu asiye na haraka ya maisha. Bei ilipokubaliwa, kivuli kilikuwa kimemeza shamba lote la chai.

"Hesabu, mzee wangu," mnunuzi alisema, akimpa kitita.

"Wewe umeshahesabu?"

"Mara mbili."

"Basi Mungu ameona. Mpakie mnyama uende, mimi nina Sabato."

Aliitia hela katika mfuko wa koti, akalitundika koti, na siku nzima ya Sabato hakuigusa. Jumapili asubuhi aligawa kitita mara mbili na kumpelekea Edinah nusu moja dukani. Noti zote zilikuwa za elfu, na nyingi zilikuwa mpya, zimenyooka kama mashati ya harusi. Katikati kulikuwa na moja iliyochanika pembeni, na mzee aliitoa kwa haya.

"Hii mbovu naona ibaki kwangu."

"Hapana Baba, hiyo haina neno. Benki wataichukua."

Alizipokea kwa mikono miwili, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Kidole gumba chake, ambacho miaka yote kilikuwa na akili zake, kilitaka kupapasa. Akakizuia. Kuinua hela ya baba mkwe kwenye mwanga, mbele ya macho yake, ni sawa na kumuuliza kama ni mwizi. Na mzee alipokwisha kuondoka, Edinah aliona kwamba kumkagua mtu mgongoni ni vibaya zaidi. Alizifunga kwa mpira na kuziweka.

Jumatatu alikwenda benki mjini Kisii. Keshia aliyekaa dirishani aliitwa Natasha, msichana wa Suneka aliyemzoea kwa ajili ya lile kopo la noti zilizochanika.

"Leo umeniletea wagonjwa wangapi, Mama Linda?"

"Leo ni mmoja tu. Wengine wote wazima."

Natasha aliunganisha ile iliyochanika, akaitazama namba, akaiweka upande wa nzuri bila maneno. Kisha akazipitisha nyingine kwenye mashine. Mashine ikasimama. Akaitoa noti iliyoikwamisha, akaipapasa, akaiinua kwenye taa. Mashine ikasimama tena, na tena. Mwishowe noti nne zilikuwa zimelala peke yazo, na zote zilikuwa katika zile mpya zenye kunyooka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hizi si hela."

Edinah alizitazama. Hata kutoka pale alipokuwa, upande wa pili wa kioo, aliona kosa lake lote. Rangi ilikuwa ya matope. Kichwa cha simba kilionekana hata bila mwanga, kama kimepakwa juu.

"Nipe nizirudishe kwa mwenyewe."

"Siwezi. Noti bandia ikishafika hapa hairudi. Nazizuia, naandika jina lako na kitambulisho, nakupa karatasi ya kuonyesha tumezichukua, halafu zinaenda kwa wanaohusika. Na hulipwi badala yake." Natasha akamwangalia kwa huruma. "Umezitoa wapi?"

Edinah alifungua mdomo, na jina la baba mkwe wake likakataa kutoka.

"Kuna ng'ombe iliuzwa," alisema.

"Kuna nyingine zilibaki nyumbani?"

Hapo ndipo alipolikumbuka koti la mzee. Nusu nyingine ya kitita ilikuwa katika koti, na Jumanne asubuhi Mzee Onchiri angeipeleka kwa Machogu kununua mtamba.

"Zikiwepo, mtu asizitumie," Natasha aliendelea. "Asizipeleke sokoni, asimpe mwingine ili hasara ihame. Aliyepewa bila kujua hana kosa. Akishajua halafu akazitoa, hilo ni kosa la jela. Zileteni hapa au polisi."

Edinah alitoa hela za duka lake, zilizokuwa za kununulia unga, akajazia pengo la karo ili ada ya Linda itimie. Lile lilikuwa jepesi. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Lakini njia nzima ya kurudi alimwona akilini Mzee Onchiri, mzee wa kanisa mwenye miaka sabini na kitu, akishikwa shati na watu kule kwa Machogu, akiitwa tapeli, akipandishwa gari la polisi na koti lake la Sabato. Na kumzuia asiende, ilibidi mtu amwambie.

Alimpigia mumewe kwanza.

"Nitaongea naye nikija mwisho wa mwezi," Haron alisema, na honi za malori zikilia nyuma yake.

"Mtamba ni kesho, Baba Linda."

"Simu ya Mzee haishiki chaji. Mwambie Linda amwambie. Mjukuu hana chinsoni."

Lilikuwa neno la busara. Babu, tunayemwita sokoro, na mjukuu kwetu ni watani, wanaambiana lolote. Jioni ile Linda alipanda kwa babu yake na bakuli la ugali na mboga za managu, na Edinah akabaki jikoni akisikiliza kupitia dirisha.

"Sokoro, hela zako ni karatasi za kufungia njugu."

"Na bwana utakayempata atakuwa wa karatasi pia. Mvua ikinyesha umwingize ndani."

"Nasema kweli. Benki wamezikamata."

"Wamezikamata zikifanya nini? Zilikuwa zimelewa?"

"Sokoro, sikutanii."

"Wewe? Juzi uliniambia nimechaguliwa kuwa mbunge. Nenda ukalete chumvi, mboga yako haina ladha kama maneno yako."

Linda alicheka bila kutaka, na mzee akacheka zaidi, na kadiri msichana alivyoapa ndivyo babu alivyozidi kufurahi. Alishuka akijifuta macho.

"Hakubali, Mama. Anasema nikimaliza chuo nisiwadunge watu sindano, niwachekeshe tu watapona."

Edinah akakaa chini karibu na jiko. Mtu wa katikati amekwenda na amerudi bure. Aliomba, kama alivyozoea kuomba, kwa sauti ya chini na mikono ikiendelea kukoroga sufuria. Hakuomba hela zirudi. Aliomba apewe mdomo.

Asubuhi Mzee Onchiri alitoka na fimbo na kamba mpya ya kumfungia mtamba. Alimkuta mke wa mwanawe amesimama njiani, kwenye pembe ya nyumba, ubavu ukiwa umemwelekea na uso ukitazama shamba la chai. Hakuwahi kumsimamia njiani hata siku moja. Mzee akasimama.

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, Baba. Ni zile hela."

Chini bondeni wachumaji walikuwa wanaitana.

"Kumbe Linda hakuwa anatania," mzee alisema.

"Hakuwa anatania. Nne katika zile ulizonipa si za kweli. Benki wamezizuia. Hizo ulizo nazo sijui, lakini zimetoka mfuko mmoja."

Mzee alichomeka fimbo ardhini kana kwamba ardhi ilikuwa inasogea.

"Wewe unapima hata hela ya mtoto anayenunua peremende. Hizi hukuzipima?"

Edinah alivuta kanga mabegani. Na mzee, baada ya kungoja jibu, akalipata mwenyewe.

"Ungezipimaje," alisema polepole. "Mimi mbele yako. Ningekuona ukiziinua, ningesema mke wa Haron ananiona mwizi." Akakohoa. "Na yule mtu alijua jua la Ijumaa kuliko mimi. Maji ya kunywa, eti. Alikunywa maji kama ngamia."

Edinah alibana midomo asicheke, kwa maana haikuwa saa ya kucheka.

Mzee akatazama ng'ambo ya mto, kwa Machogu. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imepungua. "Machogu ana mtoto wa jicho. Jicho la kushoto halioni kabisa."

Neno lile lilibaki hewani baina yao. Edinah hakuwa na ruhusa ya kumkemea. Hakuna mila iliyompa ruhusa hiyo. Alisimama tu pale pale njiani, asisogee.

"Mungu anisamehe," Mzee Onchiri alisema. "Shetani ameamka mapema kuliko kuku. Leta kile kigoda."

Edinah alileta kigoda, na mzee akakiweka uani. Akatoa hela kwenye koti na kuziweka juu yake, kisha akaenda kukaa juu ya gogo, mgongo ukiwa umeelekea kigoda.

"Zipime," alisema. "Mimi natazama chai yangu."

Edinah alipiga magoti penye jua na kuanza. Alipapasa, akainua, akainamisha. Ile ambayo uzi wake ulibadilika rangi na simba wake akajitokeza ndani, aliiweka kulia. Ile ambayo uzi wake ulikuwa mstari tu wa wino, aliiweka kushoto. Kila alipoiweka moja kushoto aliiweka taratibu, isitoe sauti. Lakini mzee, bila kugeuka, alikuwa anasikiliza.

"Kushoto zimefika ngapi?"

"Ngoja nimalize, Baba."

"Nipe polepole basi. Kama dawa chungu."

"Sita."

Mzee akatikisa kichwa mara nyingi. "Mtamba amekuwa mbuzi," alisema.

"Mbuzi naye ana maziwa, Baba."

Na hapo, bila kugeuka, akacheka. Edinah alikuwa hajawahi kumsikia akicheka kwa neno lake yeye.

Alitaka kwenda na zile bandia benki peke yake, ili jina la mzee lisitajwe. Mzee akakataa. Alisema mtu akianguka kwenye matope haifai mke wa mwanawe apelekwe kuoga kwa niaba yake. Alivaa koti, akamwachia Linda ujumbe kwa Machogu kwamba mtamba asubiri, na wakaenda Kisii, yeye akitangulia hatua kadhaa na Edinah akimfuata, kama desturi.

Dirishani Natasha alimwona Edinah kwanza.

"Umezileta, Mama Linda? Mwenyewe ni nani, niandike?"

Edinah akashusha macho. Lakini mzee alishafika, akaweka kitambulisho chake juu ya kaunta na noti sita juu yake.

"Andika mimi. Onchiri. Niliuza ng'ombe bila kuangalia. Huyu hana kosa." Akatafuta neno kidogo, kisha akalisema akimtazama Natasha usoni, kwa sababu hangeweza kulisema akimtazama mwenyewe. "Huyu ni binti yangu. Ndiye aliyenizuia."

Edinah aligeuka akasoma tangazo la mikopo lililokuwa ukutani. Alilisoma kwa muda mrefu.

Waliitiwa askari, ambaye aliandika habari za pikapu na za mtu mchangamfu mnywa maji, akasema si wa kwanza kulalamika msimu huo, na hakuahidi kitu. Noti zilizuiwa. Mzee aliikunja karatasi aliyopewa, akauliza kama ng'ombe wake naye ameandikwa, akaambiwa ameandikwa. Hiyo ilimtuliza kidogo.

Nje jua lilikuwa kali, na hakuna aliyekuwa amekula. Mzee Onchiri alisimama mbele ya hoteli ndogo karibu na stendi.

"Kuna chai hapa," aliiambia barabara.

Waliingia. Mzee alikaa meza ya dirishani, na Edinah alikaa meza ya pili, mgongo kwa mgongo, kama inavyofaa. Mzee aliagiza chai mbili na chapati, akaelekeza kidole gumba nyuma ya bega kuonyesha nyingine inakwenda wapi. Walikula hivyo, wakiwa pamoja na wakiwa mbalimbali. Mhudumu, kijana mwenye haraka, aliwaangalia mara mbili, akaelewa, maana naye alikuwa wa huku huku.

Mzee alipolipa, chenji ilikuja na noti mbili za mia. Moja ilikuwa ya kawaida. Nyingine ilikuwa ya zamani, ya sura ile ya kabla hazijabadilishwa, imepauka na kulainika kama kitambaa.

"Hii siitaki," alisema.

"Mzee, hiyo ni hela," mhudumu alisema.

"Hata zile za yule mtu zilikuwa hela mpaka benki."

"Mtu yupi?"

"Yanakuhusu nini? Nipe nyingine."

"Sina nyingine. Watu wanangoja meza."

Mzee aliishika ile noti, akaisugua kwa kidole gumba kama alivyomwona Edinah akifanya dukani, akaiinua dirishani, akaona kitu au hakukiona. Kisha akapeleka mkono nyuma, juu ya bega lake, noti ikiwa imebanwa kati ya vidole viwili, bila kugeuza kichwa.

"Mama Linda. Hebu itazame hii."

Edinah aliweka kikombe chini. Aliipokea, akaipapasa, akaiinua kwenye mwanga mbele ya hoteli nzima.

"Ni nzuri, Baba. Ya zamani lakini ni halali. Ni elfu ya zamani peke yake waliyoiondoa ule mwaka wa 2019. Hizi ndogo bado zinakwenda."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Hata mimi dukani nazichukua."

"Wewe unachukua hata zilizotafunwa na panya," mzee alisema, akaupeleka mkono nyuma tena. Alirudishiwa noti yake, akaikunja pamoja na ile nyingine, akaitia kwenye koti.

"Mwambie kijana asamehe," aliongeza. "Leo nimekuwa mgumu."

"Ameshasikia, Baba."